Siku niliyowawekea wakwe zangu leso yenye maji mekundu

Mimi ni fundi wa friji, kazi yangu ni kulala chini ya mashine za watu na kusikiliza kompresa, kusimama mbele ya wazee nikaongea si kitu nilichozaliwa nacho. Lakini mwaka jana ilibidi. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili, miezi saba, na kwao Mtongwe, upande wa pili wa feri hapa Mombasa, walishaanza kusafisha chumba, manake huko desturi inajulikana, mtoto wa kike akikaribia kujifungua anarudi kwa mamake, anazalia pale pale, anatunzwa arobaini yake yote, halafu ndio mume anakuja kuchukua mzigo wake na mtoto juu.

Ile mimba ya kwanza mwaka 2021 tulifanya hivo hivo na karibu nizike mtu.

Sasa kabla sijafika kwenye hotuba niseme nilivyoharibu mwanzo, manake wengi tunaharibu hapo. Nilituma sauti kwenye grupu la wasap la familia. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikasema tu, "Jamani mara hii ataenda hospitali, mambo ya kienyeji tumeacha." Dakika moja haikufika sauti yenyewe. Lile neno kienyeji likawa ndio kesi. Khaleti wa mke wangu akarudisha sauti ya dakika nne anauliza kama yeye na ndugu zake sita waliozaliwa kwenye ule mkeka ni wanyama, mama mkwe hakuandika kitu, na akakaa kimya wiki nzima, hata simu ya mwanawe anapokea anasema anapika. Mke wangu alilia siku mbili. Yeye mwenyewe hospitali ndio anataka, akaniambia wazi, "Sema wewe, mi nikisema nitaonekana nimemkataa mama." Kwa hivo kazi ikawa yangu na nilishaianza vibaya.

Nikamfuata ami yake wa Majengo, ndugu mdogo wa baba mkwe, mtu mpole, nikamueleza yote. Akaniambia jambo kama hili halisemwi kwa simu, tutaenda Jumamosi baada ya isha, uje na kakako mkubwa, na uje na kahawa na haluwa. Na kabla ya Jumamosi, akasema, nenda kwa nyanya mkunga peke yako, usimfanye akasikia mbele za watu.

Huyu nyanya ndiye aliyemzalisha mama mkwe, akamzalisha mke wangu, na akamzalisha binti yangu. Nilimkuta barazani anachambua mchele, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia nimekuja kumuuliza kuhusu ile usiku ya 2021. Hakuinua kichwa. Alichambua weee mpaka sinia likaisha, kisha akasema, "Damu ile sikuipenda. Nikamtazama mamake, naye akanitazama mimi." Basi. Hakuongeza na mi sikumuongezea, nilimshika mkono nikamwambia Jumamosi naomba uwepo.

Mambo yenyewe ya ile usiku ni haya. Mtoto alitoka salama kama saa tano na kitu, mi niko nje barazani na wanaume, mita tano tu kutoka kwa mlango, tunakunywa kahawa. Nikasikia kigelegele nikashukuru. Baba mkwe akaingia akamuadhinia mtoto, akatoka anacheka. Kondo la nyuma lilichukua zaidi ya nusu saa kutoka, lilipotoka wakadhani yameisha. Damu ikaendelea. Haikuwa ya kuruka kama watu wanavyofikiria, ilikuwa inatiririka tu, polepole, haina kelele. Wanabadilisha leso, wanakunja ile iliyolowa wanaweka kwa ndoo. Na wakubwa mle ndani wanasema iache itoke, hiyo ni damu chafu ya miezi tisa. Saa saba akaanza kuomba maji, akipewa anaomba tena, anapiga miayo, ana jasho baridi, halafu akamuuliza mamake kama mjomba ameshafika, na huyo mjomba amekufa zamani. Hapo ndio mlango ulifunguliwa nikaitwa.

Tuktuk mpaka feri. Feri usiku zipo lakini zinapungua, tukangoja, mi namwangalia usoni kwa mwanga wa taa za pale nikaona midomo imekuwa rangi ya majivu. Tulifika hospitali saa nane na nusu. Kutoka mtoto azaliwe ni zaidi ya masaa matatu.

Muuguzi wa zamu aliweka mkono chini ya kitovu cha mke wangu akasema neno ambalo mpaka leo ninalo, "Tumbo laini." Akaanza kulisugua kwa nguvu huku mwenzake anatafuta mshipa wa dripu. Daktari akaja, akaingiza mkono akatoa kipande cha kondo kilichobaki, kidogo tu, kama kiganja cha mtoto. Hesabu ya damu ilikuwa 5.1. Akawekewa pakiti tatu. Akaishi, alhamdulillah, lakini mwezi wa kwanza hakuweza kusimama akamaliza kukosha chombo, na maziwa yalichelewa tukahangaika.

Kwa hivo mimba ya pili ilipoingia, niliuliza kliniki maswali mpaka muuguzi mmoja akaniambia kaa chini nikufundishe. Nilichofundishwa ndicho nilichoenda kusema Mtongwe. Naiandika hotuba hapa karibu na nilivyoisema, nikitoa zile kukohoa na kujifuta jasho.

Tulikuwa kama watu kumi na tano, wanaume huku, kina mama kule kwenye mkeka, nyanya mkunga ameegemea ukuta. Mama mkwe hakunitazama. Ami akafungua kwa dua, akasema mkwe wenu ana neno. Nikasimama.

"Assalaam aleikum. Baba, mama, ami, makhaleti, nyanya. Kwanza nianze na kosa langu. Nilitumia neno baya kwenye simu na nimekuja kuliomba radhi kwa mdomo wangu. Siku ya harusi niliandikiwa mkaja wa mama na kilemba cha baba, na mkaja najua ni nini, ni ile nguo mama aliyojifunga tumboni alipomzaa huyu binti. Mtu aliyelipa mkaja hawezi kusema kuzaa kwa hapa ni kienyeji. Mama, nisamehe.

"Neno langu la leo ni damu peke yake. Sina neno juu ya mkunga. Mtoto alipokelewa vizuri, kitovu kilifungwa vizuri, mtoto yule pale anakula haluwa. Tatizo lilikuja baadaye."

Hapo nikatoa leso kwenye mfuko. Nilikuwa nimeipanga nyumbani, leso nzee ya mke wangu, nimeilowesha kwa maji niliyotia rangi nyekundu ya mabuyu, nimeikunja kunja nikaiweka kwa nailoni. Nikaiweka kwenye sinia katikati. Khaleti mmoja akasema astaghfirullah. Nikasema ni rangi ya mabuyu, msiogope, nataka tu mnikisie, hapa pana maji kiasi gani? Mmoja akasema kikombe. Mwengine akasema kikombe hakijai. Shemeji mdogo akasema vikombe viwili akachekwa. Nikatoa chupa ya maji ya nusu lita, tupu, nikawaonyesha. Hii yote imeingia humo. Nusu lita kamili.

Kwa kweli hii ndio sehemu iliyofanya kazi, maneno mengine yote sijui. Kina mama waliinuka wakaja kuishika. Mama mkwe akaja pia, akaikamua kidogo kwa vidole viwili, akarudi akakaa. Nikajua anahesabu leso za ile usiku.

"Nusu lita," nikaendelea, "ndio mpaka. Mwanamke aliyejifungua kawaida akifika hapo, madaktari wanasema hii si damu ya kawaida tena, hii ni hatari. Na mmeona jicho linavyodanganya, leso inakunywa, inakunjwa, unaona kikombe. Ile usiku zilikuwa leso tatu na shuka. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tunakisia, na hata wauguzi wakikisia kwa macho wanakosea, ndio maana siku hizi hospitali nyingine zinamwekea mama nailoni chini yake yenye mfuko na mistari kama ya kikombe cha kupimia, damu inaingia humo wanasoma. Walifanya utafiti hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, majibu yakatoka 2023, kule walikopima kwa mfuko na wakatibu hapo hapo kwa mpigo mmoja, kutokwa damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60.

"Sasa kwa nini inatoka. Mimba ikishapevuka, kila dakika moja inapita damu nusu lita au zaidi kwenye mji wa uzazi, chupa hii nzima, kila dakika. Kondo likibanduka, ile mishipa inabaki wazi kama mifereji. Mungu ameweka misuli ya tumbo la uzazi imesukwa kama ukili, huku na huku, na mishipa inapita katikati ya ule usukaji. Mtoto na kondo vikitoka, misuli inajikaza, inabana kila mshipa. Ukishika chini ya kitovu unakuta kitu kigumu, cha mviringo, kama dafu. Likiwa laini kama unga uliozidi maji, mishipa iko wazi. Na kipande cha kondo kikibaki ndani, misuli haiwezi kujikaza sawasawa. Ndicho kilichotupata sisi. Ile damu haikuwa chafu, mama, ilikuwa ni damu yake ya kuishi."

Nilipofika hapo nyanya mkunga akaongea kutoka ukutani, bila kuombwa. Akasema zamani wao walimweka mtoto kwenye ziwa haraka na kulisugua tumbo, damu ikakata. Nikamwambia nyanya, ni kweli kabisa, na hata muuguzi aliniambia, mtoto akinyonya mwili unatoa dawa yake wenyewe ya kukaza tumbo. Hiyo haina ubishi. Ila inatosha kwa wengi, kwa huyu haikutosha, na aliyetokwa damu hivyo mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kutokwa tena.

"Hospitali wana sindano. Mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja, baada ya kuhakikisha hakuna pacha, mama anadungwa pajani, inaitwa oksitosini, yuniti 10. Ni ile ile dawa ya mwili ambayo nyanya ameisema, imetengenezwa tu. Inafanya tumbo likaze kabla damu haijaanza kuzoea kutoka."

Shemeji mkubwa, huyu anauza spea Kongowea, kichwa chake chepesi, akanikata. "Sasa shem si tununue hiyo sindano tuiweke hapa, tumlete nesi?" Swali zuri, na hapo nilikuwa nyumbani kwangu manake ni mambo ya friji. Nikamwambia ile dawa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8. Friji la nyumbani mlango unafunguliwa mara ishirini kwa siku, watoto wanatafuta barafu ya malai, stima inakatika jioni inarudi alfajiri, na joto letu la Mombasa mnalijua. Dawa ikikaa kwenye joto inapungua nguvu na huwezi kuona, inabaki maji safi yale yale kwenye kichupa. Mi nimetengeneza friji za duka la dawa nikakuta kipimajoto kinasoma 17 na mwenye duka hana habari. Halafu ikidungwa kabla mtoto hajatoka, kwa kutaka kuharakisha uchungu, inaweza kupasua tumbo la uzazi. Hii si dawa ya kuweka kabatini.

Akasema lakini kuna vidonge, nimesikia. Kweli vipo, misoprostoli, havihitaji friji, vinatumika mahali ambapo sindano haipatikani na vinasaidia. Lakini shem, kidonge hakiwezi kuingia kikatoa kipande cha kondo. Na kidonge hakiongezi damu. Akanyamaza akachukua haluwa.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe mama mkwe ndio anaanza. Akasema kwa sauti ya chini, na hii ndio mara ya kwanza kunisemesha tangu ile sauti ya wasap, "Dadake alienda hospitali. Uliza alivyofanywa." Mi nilikuwa najua nusu ya ile hadithi, siku hiyo nikaisikia nzima. Shemeji yangu huyo, miaka kama minane nyuma, sitaji wapi, aliachwa kwenye benchi na uchungu mpaka akazaa karibu na mlango, akapigwa kibao cha paja ati hasukumi, akavuliwa buibui mbele ya wanafunzi wa kiume wanne, na mamake akazuiwa getini na kikapu cha uji. Alipomaliza kusimulia hakuna mtu aliyezungumza. Na wallahi sikuwa na la kujibu. Ningesema siku hizi wamebadilika ningekuwa muongo, wengine wamebadilika wengine bado.

Kwa hivo nikasema ukweli, nikasema mama, hilo siwezi kukuahidi halitokei, lakini naweza kukwambia nilivyochagua. Niliingia hospitali tatu kwa miguu yangu, kila moja nikauliza mambo manne. Usiku kuna mtu wa kufanya upasuaji humu humu au anaitwa kutoka nyumbani? Damu ya kuongeza iko ndani usiku au inafuatwa? Mama anaweza kuingia na mtu wake chumba cha kuzalia? Naweza kuomba wauguzi wa kike? Ya kwanza walinijibu kama nawasumbua nikatoka. Ya pili damu inafuatwa. Ya tatu ni ng'ambo, kisiwani, wakasema damu ipo humo humo, daktari analala ndani, mtu mmoja wa kike anaruhusiwa, na wauguzi wa kike wapo zamu zote ila daktari wa upasuaji akiwa ni mwanamume hawawezi kumbadilisha.

Nikasema, "Huyo mtu mmoja ni wewe mama. Mi nitabaki nje kama mara ya kwanza. Wewe ndiye uliyemtazama nyanya ile usiku, nataka uwe ndani, na mtu akimuinulia mkono uwepo."

Kuhusu daktari mwanamume nilikuwa nimejipanga kusema kitu, lakini baba mkwe akanitangulia. Alikuwa hajasema neno muda wote. Akasema, "Dharura ina hukumu yake, hilo tumelisoma." Akaomba kahawa. Likaisha hilo.

Khaleti akauliza kondo, manake kwao linazikwa uani, na kitovu kikidondoka vilevile. Nalo nilikuwa nimeuliza. Walisema ukiomba mapema wanalikagua kwanza kama limetimia, halafu wanakufungia unaondoka nalo, uje na chombo chako chenye kifuniko. Wakacheka wote kwa mara ya kwanza, khaleti akasema basi nitoe ndoo yangu ya samli.

Na pesa nikasema kwa ufupi. Nimeshajisajili bima ya afya ya SHA, mi na mke wangu, unabonyeza *147# tu, na sisi wa jua kali tunalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, nimelipa, na nina akiba ya tuktuk na ya dawa zitakazokosekana. Nilichoomba kwao si pesa. Nikawaangalia mashemeji nikasema, "Nataka damu yenu." Pakiti tatu alizowekewa mke wangu zilitoka kwa watu hatuwajui. Mwanamume mzima, kilo 50 kwenda juu, hana maradhi, anatoa pakiti moja ambayo haifiki hata nusu lita, na baada ya miezi mitatu anaweza tena. Haitaandikwa jina la dadenu, lakini benki ikiwa na kitu ndio naye atapata. Wanne wakakubali. Mmoja alikuja akapima akaambiwa wingi wake wa damu uko chini, akakasirika akaenda kula maini wiki nzima, mpaka leo tunamtania.

Sasa kulikuwa na fundo moja limebaki, na hili sikulifungua mimi. Arobaini. Mama mkwe akasema hospitali sawa, lakini mwanangu akae Mtongwe kama desturi, uchungu ukianza tutavuka. Nami naogopa ile feri kama kifo, nikataka kubisha, ami akanigusa goti. Akasema nyumba yake Majengo ina chumba cha nyuma, hospitali ni dakika kumi kwa tuktuk, hakuna kuvuka maji. Basi kuanzia wiki ya 37 binti akae pale, na mamake ahamie pale naye. Akishazaa, siku mbili tatu akiwa salama, wavuke wote Mtongwe arobaini ikatimizwe, nyanya amkande, apikiwe uji wake wa pilipili manga, kila kitu. Mi ningekaa miaka kumi nisingewaza kumhamisha mama badala ya binti.

Nikaongeza ombi moja tu, kumkanda sawa, lakini damu ikionekana inaongezeka badala ya kupungua, ikilowesha pedi nzima ndani ya saa, au akipata homa au damu ikinuka, hakuna kungoja asubuhi. Nyanya akasema, "Nitakupigia mwenyewe."

Ile miezi miwili iliyobaki kazi kubwa ilikuwa vidonge vya madini ya chuma. Hesabu yake ya damu kliniki ilikuwa 9.4 na mjamzito anatakiwa 11 kwenda juu, mtu anayeingia leba na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Alikuwa anavimeza na chai ya asubuhi, kumbe chai inazuia ile chuma isiingie mwilini. Tukabadilisha, anameza usiku na maji ya ndimu, chai mbali. Kabla ya kuzaa alisoma 11.2.

Uchungu ulianza Jumanne alfajiri Majengo. Saa nne asubuhi mtoto wa kiume, sindano pajani, kondo likatoka baada ya dakika nane, muuguzi akalitandaza akalikagua mbele ya mama mkwe, limetimia. Na damu ilianza tena. Mi niko nje kwenye benchi sijui chochote, naona tu wauguzi wawili wanaingia haraka. Ndani, mama aliniambia baadaye, walisoma ule mfuko, wakasugua tumbo, wakaweka dripu na sindano nyengine ya kusaidia damu igande, wakamkagua kama amechanika, yote kwa wakati mmoja, hakuna aliyemngoja mwenzake. Ikakata. Hakuongezwa damu.

Mama mkwe alitoka kunipa habari ana jasho, ameshika ile ndoo ya samli kwa mikono miwili. Hakuniambia ni mililita ngapi. Alisema, "Ile chupa yako, imejaa na ikazidi kidogo." Halafu akaniuliza kama nimekula, akanituma nimwite baba mkwe aje amuadhinie mjukuu.

Ile leso rangi ya mabuyu haikutoka. Ameichukua yeye, anafunikia sufuria.